Flashi Inapofuta Maneno

Tuchukue bango la dozi za dawa mseto ya malaria, ALu, lenye ukubwa wa A4, lililochapwa kwenye karatasi ya kung'aa na kubandikwa ukutani katika chumba chenye mwanga hafifu. Jedwali lake lina mistari minne: mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa mkupuo, wa kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, wa kilo 25 hadi chini ya 35 vidonge 3, na wa kilo 35 na kuendelea vidonge 4, mara mbili kwa siku kwa siku 3. Mtu akilipiga picha kwa simu huku flashi imewaka, doa jeupe hutua katikati ya jedwali na kumeza tarakimu za mistari miwili ya kati. Picha hiyo ikipewa modeli ya akili mnemba inayosoma maandishi kwenye picha, kuna uwezekano mkubwa irudishe jedwali zima, limenyooka, bila pengo hata moja. Hapo ndipo tatizo lilipo. Wengi hulalamika kwamba mng'ao wa flashi unaficha maneno, na ni kweli unayaficha, lakini vitu vingi huficha maneno na msomaji akajua yamefichwa: kidole kilichoingia kwenye picha, tone la chai, kona iliyochanika. Mng'ao una ubaya wake wa pekee. Unafuta neno na kuacha mahali pake rangi ileile ya karatasi isiyoandikwa kitu, kwa hiyo mashine inayosoma haina alama ya kuitambulisha kwamba kuna kilichopotea.

Ili kuona kwa nini iwe hivyo, ni lazima tuanzie kwenye karatasi yenyewe. Karatasi ya gazeti la kila siku ni nyuzi za mbao zilizolazwa ovyo. Mwanga ukiingia humo hugongwagongwa kati ya nyuzi kisha hutoka ukiwa umetawanyika kila upande. Ndiyo maana ukurasa wa gazeti huonekana mweupe kwa kiasi kilekile, ukiutazama kutoka juu, kushoto au kulia. Karatasi ya jarida, kalenda au bango hupakwa tabaka jembamba la udongo mweupe wa kaolini au kalsiamu kaboneti, kisha hupitishwa kati ya rola zinazoikandamiza mpaka iwe laini. Mara nyingi huongezewa vanishi juu ya wino, au hufunikwa kabisa kwa plastiki ya laminesheni. Uso wa namna hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya mwanga hupenya hadi kwenye tabaka jeupe na kutawanyika kama kwenye gazeti, na sehemu ndogo huruka papo hapo kwenye uso wa juu, kwa pembe ileile uliyojia, kama inavyoruka kwenye kioo. Hesabu alizoacha Mfaransa Augustin Fresnel katika karne ya 19 zinatupa kiasi cha sehemu hiyo ndogo: mwanga unaokuja wima kwenye vanishi au plastiki ya kawaida, karibu asilimia 4 yake hurudi kutoka kwenye uso wa juu.

Asilimia 4 inaonekana haina uzito wowote mbele ya asilimia 80 hivi inayorudishwa na weupe wa karatasi. Lakini mambo mawili yanaipa nguvu. La kwanza ni kwamba asilimia hiyo haichagui. Wino mweusi ukishalala juu ya karatasi laini na kupakwa vanishi, uso wake wa juu unakuwa laini sawa na uso wa karatasi iliyo kando yake, hivyo herufi na weupe unaoizunguka vyote viwili huakisi taa kwa kiwango kilekile. Kinachotufanya tusome ni tofauti kati ya kinachorudishwa na wino na kinachorudishwa na karatasi, na tofauti hiyo huzaliwa chini ya uso. Juu ya uso haipo. La pili ni kwamba mwanga uliotawanyika unagawanywa kwa pande zote, ilhali mwanga ulioakisiwa unabaki umekusanyika katika mwelekeo mmoja mwembamba. Ukisimama nje ya mwelekeo huo hupati chochote cha ile asilimia 4. Ukisimama ndani yake unaipata yote.

Simu, kwa namna ilivyoundwa, inasimama ndani yake. Taa ya flashi imekaa sentimita moja au mbili tu kutoka kwenye lensi. Kwa kuwa mwanga huakisiwa kwa pembe uliyojia, mahali ambapo taa itaonekana kama kwenye kioo ni pale ambapo mstari ulionyooka kutoka kwenye simu unaugonga ukurasa wima, au kwa usahihi zaidi, katikati ya nukta mbili za namna hiyo, ya lensi na ya taa. Vikiwa vimeachana kwa sentimita 1.5, doa litakuwa chini ya sentimita moja kutoka mahali lensi inapoelekea. Na mtu anayejitahidi kupiga picha nzuri ya ukurasa hufanya nini? Huishika simu sambamba na karatasi ili mistari isipinde, na huuweka ukurasa katikati. Kwa juhudi hizohizo analiweka doa katikati ya maandishi. Kitabu kilichofunguliwa hubadilisha umbo la doa: karibu na mshono ukurasa unapinda, sehemu nyingi za mpindo huo zinaitazama kamera kwa zamu, na doa linarefuka kuwa mkanda mweupe unaoteremka sambamba na mshono, likila maneno ya mwisho ya kila mstari wa ukurasa wa kushoto au ya mwanzo ya ukurasa wa kulia.

Tuipige hesabu kwa bango letu. Simu iko sentimita 30 kutoka kwenye karatasi. Uso wake si kioo kamili. Una mawimbi madogo yasiyoonekana kwa macho, yanayoinama tuseme hadi nyuzi 5 upande wowote. Mawimbi hayo yanatosha kuirudisha taa kwenye lensi kutoka umbali wa sentimita 2.6 kuzunguka kitovu, kwa hiyo doa lina upana wa sentimita 5 na ushee. Sasa tuseme kila sehemu ya karatasi inapokea vipimo 100 vya mwanga. Karatasi nyeupe inarudisha 80 kwa pande zote, wino unarudisha 3, na uso unaakisi 4 ndani ya pia nyembamba inayofunguka nyuzi 10 kila upande. Tukigawanya kila kiasi kwa upana wa eneo kinakosambaa, kamera inapokea takribani 25 kutoka kwenye weupe, 1 kutoka kwenye wino, na 42 kutoka kwenye ile asilimia 4. Nje ya doa, basi, herufi na karatasi ni 1 kwa 25, tofauti ambayo hata kamera dhaifu inaiona. Ndani ya doa, 42 inaongezwa pande zote mbili: herufi inakuwa 43 na karatasi 67. Wino mweusi ndani ya doa unang'aa kuliko karatasi nyeupe iliyo nje yake.

Kamera nayo ina dari. Kihisi chake kikishajaa mwanga hakiwezi kuhesabu zaidi, na katika picha ya kawaida dari hiyo ni namba 255 kwa kila rangi. Simu hupanga mwangaza kwa kuangalia ukurasa wote, na kwa kuwa sehemu kubwa ya ukurasa ina kipimo cha 25, dari itawekwa juu kidogo tu ya hapo, tuseme 30. Herufi ya 43 imeivuka. Karatasi ya 67 nayo imeivuka. Zote zinaandikwa 255, na tangu dakika hiyo faili haina tena habari kwamba zilikuwa mbili. Kingoni mwa doa hali ni tofauti, na tofauti hiyo ni muhimu katika mjadala wote: huko mng'ao unaongeza labda 3 au 4, wino unapanda kuwa 5 na karatasi 29, zote bado ziko chini ya dari. Maneno ya huko yamefunikwa ukungu lakini hayajafutwa. Kila doa lina sehemu hizi mbili, kitovu kilichofutwa na pete yenye ukungu, na mara nyingi watu wanaobishana kama picha inaweza kuokolewa huwa mmoja anazungumzia kitovu na mwingine pete.

Modeli ya kusoma picha inafika hapo. Nyingi za sasa huanza kwa njia ambayo watafiti wa Google waliionyesha mwaka 2020: picha hukatwa vipande vidogo vya mraba, kwa mfano pikseli 16 kwa 16, kila kipande hugeuzwa kuwa orodha ya namba, kisha sehemu ya pili ya modeli, iliyofundishwa lugha, huandika maneno kwa kuangalia vipande hivyo pamoja na yale iliyokwisha kuyaandika. Kabla ya kukatwa, picha kwa kawaida hupunguzwa. Tukichukulia kwamba A4 yetu imebaki na pikseli 1,500 kwa urefu, doa la sentimita 5 linachukua karibu vipande 200, na kila kimoja cha kitovuni ni mraba mweupe usio na kitu. Vipande kama hivyo viko vingi katika kila ukurasa uliowahi kupigwa picha: pembezoni, kati ya aya, ndani ya visanduku vya jedwali visivyojazwa. Modeli imejifunza kwamba mraba mweupe maana yake ni hakuna kilichoandikwa. Doa jeusi la wino lingekuwa kitu kigeni na pengine lingeifanya isite. Weupe hauisitishi.

Hapo sehemu ya lugha inakuwa na njia mbili, na zote ni mbaya. Inaweza kuruka pengo na kuunganisha neno la kabla ya doa na la baada yake, ukapata sentensi inayosomeka lakini isiyokuwepo kwenye karatasi. Au inaweza kujaza. Kwenye bango letu imeona 1 juu, 4 chini, na mistari miwili kati. Mfululizo wa 1, 2, 3, 4 unajileta wenyewe, tena dozi hizi zimechapishwa mahali pengi, hivyo itaandika 2 na 3 na itakuwa imepatia. Kupatia huku kunapotosha kuliko kukosea. Anayelinganisha matokeo na bango ataona yako sawa na kuhitimisha kwamba modeli ilisoma chini ya mng'ao, ilhali haikusoma chochote mahali pale. Mpe picha ya namna hiyohiyo ya orodha ya bei za dukani, ya namba za simu za wajumbe au ya matokeo ya mtihani, ambako mstari wa pili haubashiriki kutokana na wa kwanza, na itajaza kwa ujasiri uleule, safari hii kwa namba za kubuni.

Kwenye ile pete ya ukungu kuna hatari nyingine ndogo lakini ya kila siku. Mwanga mkali husambaa kidogo ndani ya lensi na kula kingo za herufi, kwa hiyo kinachotoweka kwanza ni mistari myembamba: nukta ya desimali, kishikizo cha 9, upande wa kushoto wa 8 ukaacha kitu kinachosomeka 3. Kiswahili kinaumia hapa kwa namna yake, kwa sababu ukanushi wetu wakati mwingine hubebwa na herufi moja mwanzoni mwa neno. Maelezo yakisema mgonjwa wa aina fulani "hatapewa" dawa, na ukingo wa doa ukameza h, kinachobaki ni "atapewa", neno kamili lisilo na kovu.

Wapo watakaosema hili ni tatizo la muda, kwamba modeli zikifundishwa kwa picha nyingi zenye mng'ao zitalizoea. Kwa pete wana haki. Modeli iliyoona ukungu wa kutosha husoma 5 mbele ya 29 karibu sawa na 1 mbele ya 25, kwa sababu herufi bado ipo. Kwa kitovu hoja haisimami, kwa kuwa hakuna mafunzo yanayoweza kurudisha kisichokuwamo kwenye faili. Mafunzo yanaweza tu kuboresha ubashiri, na ubashiri bora zaidi huonekana zaidi kama usomaji. Mafunzo yenye faida ya kweli kitovuni ni yale yanayoifundisha modeli kutambua umbo la doa, yaani duara lenye weupe uliojaa katikati na kufifia taratibu kwenda nje, tofauti na kisanduku kitupu chenye weupe wa kiasi kimoja, kisha kuandika kwamba hapa hapasomeki. Hilo linawezekana. Ila linahitaji mifano ambayo jibu sahihi ni kukiri pengo, na mfumo unaopimwa kwa idadi ya maneno uliyopatia tu hausukumwi upande huo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kwamba namba zetu zenyewe, 43 na 67, zinaonyesha tofauti bado ipo kabla ya kamera kuipoteza. Ni kweli. Kama mpiga picha angegusa doa kwenye skrini na kuburuta mwangaza chini mpaka dari ipande kutoka 30 hadi 70, maneno ya ndani ya doa yangerudi yakiwa ya kijivu juu ya weupe, na sehemu nyingine ya ukurasa ingekuwa na kiza lakini ingesomeka. Kwa karatasi ya mng'ao wa wastani mbinu hii inafanya kazi, mradi ifanywe wakati wa kupiga. Kulitia giza faili lililokwisha kujaa kunageuza 255 ya herufi na 255 ya karatasi kuwa kijivu kimoja. Lakini kadiri uso unavyokaribia kioo, ndivyo mbinu inavyoshindwa. Kwenye kadi iliyotiwa laminesheni, pia ya mwanga inaweza kubana hadi nyuzi 1 kila upande, na ile 42 inakuwa zaidi ya 4,000. Hakuna mpangilio wa mwangaza utakaobeba 4,001 na 4,025 ndani ya picha moja na bado ukaonyesha tofauti yake. Kitulizo ni kwamba doa lenyewe linasinyaa hadi nusu sentimita hivi. Hata hivyo nusu sentimita inatosha kufuta tarakimu mbili za namba ya kitambulisho, na doa dogo ni rahisi kupita bila kuonwa na anayekagua picha kwenye skrini ya simu.

La tatu ni la watu wa kazi: chumba kina giza, bila flashi picha inatetemeka na kujaa chengachenga, kwa hiyo heri doa moja kuliko ukurasa mzima wa ukungu. Jibu ni kwamba tatizo ni mahali mwanga unapotoka, wala si wingi wake. Wanaopiga picha nyaraka za makumbusho huweka taa mbili, kushoto na kulia, kila moja kwa nyuzi 45 kutoka kwenye ukurasa. Kwa pembe hiyo uso bado unaakisi karibu asilimia 5, ila mwakisiko wa kila taa unaruka kuelekea upande wa mwenzake na kuipita kamera. Asiye na taa hizo anaweza kuomba mwenzake awashe tochi ya simu nyingine na kuishika mbali pembeni, flashi ya simu inayopiga ikiwa imezimwa. Dirisha la ubavuni hufanya kazi hiyohiyo mchana. Kuinamisha simu huku flashi imewaka kunasaidia kwa bei kubwa: ili doa la bango letu litoke nje kabisa kwa upande mfupi, simu lazima iinamishwe nyuzi 26 hivi, na herufi za upande wa mbali zinasinyaa. Nao wanaoweka kioo cha miwani ya jua ya polaroidi mbele ya lensi wanajisumbua bure kwa mwanga wa flashi, maana kichujio cha namna hiyo huukata mwakisiko unaokuja kwa mshazari, karibu nyuzi 56 kwa vanishi, na wa flashi huja karibu wima. Polaroidi hufaulu pale tu flashi yenyewe inapofunikwa kwa kichujio kimoja na lensi kwa kingine kilichogeuzwa nyuzi 90, kwa sababu uakisi wa kioo hauvurugi mwelekeo wa mawimbi na mtawanyiko wa karatasi unauvuruga.

Pale flashi isipoepukika, kuna tabia ya doa inayoweza kutumiwa dhidi yake: linaifuata simu, wakati maneno yanabaki kwenye karatasi. Sogeza simu sentimita 10 kushoto, ikiwa bado sambamba na bango, na doa nalo litasogea sentimita 10 kushoto. Picha mbili zilizopigwa hivyo haziwezi kupoteza neno lilelile kama doa ni dogo kuliko umbali uliosogezwa. Zaidi ya hapo, zinampa mkaguzi kipimo ambacho picha moja haiwezi kutoa: modeli ikisoma kila picha peke yake, mahali matokeo yanapotofautiana ndipo iliporuka au kujaza. Kipimo hicho hakikamati yale iliyoyabashiri sawasawa na picha ya pili, lakini hayo tayari yamethibitishwa na picha ambayo doa halikuwa juu yake. Ambaye ana picha moja tu, na bango liko mbali, ana kazi ya kutafuta maeneo ambapo rangi zote tatu zimefika 255 kwa pamoja na kuyawekea alama ya kutosomeka kabla ya kuipa modeli. Rangi ya kijivu au nyekundu iliyomiminwa juu ya doa inalifanya lionekane kama kidole au tone la chai, yaani kama hasara.

Kuna aina moja ya ukurasa ambayo hesabu hizi zote hugeuka. Herufi za dhahabu zilizobanwa kwa joto kwenye jalada la buluu iliyoiva, kama za baadhi ya pasipoti, ni metali. Hazitawanyi mwanga, huakisi tu, na huakisi sehemu kubwa kuliko asilimia 4. Taa ikiwa pembeni kwa nyuzi 45 mwakisiko unaipita kamera na herufi zinageuka nyeusi juu ya jalada lenye kiza. Flashi ikitoka mbele, chache za katikati zinawaka kupita dari na nyingine zinabaki gizani. Hizo zinahitaji kitu kipana na cheupe cha kuakisi, kama ukuta uliopakwa chokaa au karatasi kubwa iliyoshikwa juu na nyuma ya simu na kumulikwa, ili kila herufi ipate kipande chake cha weupe na jalada libaki na kiza chake.